Miandiko Miwili ya Kadi Moja

Mama Wino alikuwa na utani wake kwamba hawezi kukosa wateja, maana asiyeoa atakufa tu. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amepanga herufi katika chumba kile kile chenye dirisha moja, na watu wa mtaa walimpitia mikononi kwa mambo hayo mawili, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Wateja walicheka. Yeye, tuseme ukweli, alikuwa amechoka.

Alikuwa na miiko yake. Wa kwanza, kadi haichaguliwi kwenye kioo cha kompyuta. Kioo hukuza kila kitu, kinadanganya. Inachapwa kwenye karatasi yake halisi, kwa ukubwa wake, mteja aishike. Wa pili, mbele ya mwenye harusi msiba hautajwi.

Asubuhi moja wakaingia mama na binti yake anayeolewa. Mama Wino alimtambua yule mama pale pale. Miezi tisa nyuma alikuja kuchapisha ratiba ya mazishi ya mumewe, akakaa kwenye kiti kile cha pembeni, na shemeji yake ndiye aliyejibu kila swali.

Akawachapia sampuli mbili. Herufi za kwanza zililala kwa upande na kushikana mikono, zimejaa vikorombwezo. Za pili zilisimama wima, nyembamba, zenye vijimguu vidogo chini, zimetulia. Zote zilikuwa nzuri, hilo halikuwa na ubishi.

"Hizi za kusimama," mama alisema bila kusita. "Sijui kwa nini, nikiziangalia moyo unatulia."

"Hizo hapana, mama," binti akadakia. "Za kizamani."

"Kwani mimi ni wa juzi? Na hizo zako wazee watasomewa na nani? Ona namba ya simu ilivyojikunja!"

Hapo mama alikuwa na haki. Karatasi ile haikuwa laini, na kwa herufi ndogo mistari myembamba ya ule mwandiko wa kulala ilipotea, vitanzi vikajaa wino. Mama Wino akapendekeza majina ya maharusi yawe kwa mwandiko wa kulala, mengine kwa wa kusimama.

"Kadi moja miandiko miwili?" mama akasema. "Kama nguo yenye kiraka!"

Mama Wino alikuwa na sababu nyingine, ila mwiko wake wa pili ulimzuia kuitaja. Mwandiko wa kusimama ndio aliochapia misiba yote ya mtaa kwa miaka kumi na miwili. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Wafiwa walikuja, wakaonyesha ratiba ya jirani, wakasema "kama hii". Hata ya mume wa mama huyu ilikuwa hivyo.

"Niwatafutie wa tatu?" aliuliza.

"Wa nini? Nimeshapata wangu."

Binti akamtazama Mama Wino kama mtu anayetafuta shahidi. Mama Wino akainamisha macho kwenye karatasi. Aliona aibu.

"Haya," binti akasema polepole. "Anachotaka mama."

Kadi mia mbili zikachapwa, zikakatwa, zikachukuliwa.

Baada ya wiki moja mama alirudi peke yake, boksi la kadi limebaki nusu.

"Nimempelekea shemeji yangu kadi," alisema. "Kaichomoa kwenye bahasha, hajasoma hata neno moja, kashika kichwa. 'Nani tena jamani?' ananiuliza."

Akatoa kwenye mkoba ratiba ya mazishi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani, kadi ya harusi akaiweka kando yake. Jina la marehemu mumewe lilikuwa kwenye zote mbili, kwa herufi zile zile.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Mbona ukaninyamazia?"

Mama Wino akautafuta mwiko wake, akauona hauna uzito wowote. "Niliogopa kukutoa machozi."

Mama yule akakaa kwenye kiti cha pembeni. "Nilidhani ni furaha. Moyo ulipotulia nilisema, angalau hiki nakijua. Kumbe nimeuzoea msiba."

"Naweza kuchapa upya zote. Kesho zitakuwa tayari, sitaki malipo."

"Na zile tisini zilizokwisha kutoka? Wenyewe wameshashika vichwa." Akaichukua kadi ya harusi. "Mwanangu naye alijua?"

"Nadhani alijua."

"Nami nilidhani ni ubishi tu. Tulipofika nyumbani nikamwambia, angekuwepo baba yako usingethubutu kunibishia." Akaipapasa ratiba kwenye mikunjo. "Alienda kuandika majina kwenye bahasha."

Mama Wino akawasha kompyuta, akaanza kutafuta mwandiko wa tatu. Yule mama akaikunja tena ratiba mara nne, akairudisha mkobani.