Mdomo wa Mama kwenye Laptop ya Kisilu

Mimi na Kisilu tunagawana chumba cha kazi hapa Gatongora. Tunatengeneza katuni za nyimbo za watoto. Besi ikigonga, tumbo la kiboko linafura. Njuga zikilia, nyota zinabadilika rangi. Kompyuta inasoma sauti, sisi tunaiambia tu kila sauti isukume nini. Ni kazi ya kucheka, lakini tangu mamake azikwe Kisilu hajacheka wala hajalia. Anakunywa chai ikiwa baridi na kusema, "Iko sawa, Naliaka." Wacha! Haikuwa sawa.

Dadake, Ndanu, aliomba video ya misa ya kumkumbuka mama: picha yake iongee kwa sauti yake mwenyewe. Sauti iliyobaki ilikuwa moja tu, simu aliyompigia Kisilu, ambayo simu ya Kisilu ilirekodi yenyewe.

Kisilu alichora uso wa mama, akaweka mfupa wa taya, akaufunga kwa ukubwa wa sauti: sauti ikipanda, taya inashuka. Tukaicheza. Mama alipoongea, midomo ilitikisika kidogo tu. Kisha mdomo ukafunguka wazi, na sauti ya Kisilu ikatoka humo, akimwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, Jumamosi nakuja. Lazima."

Nilishtuka, ai! Yeye alisema bila kupepesa jicho, "Mimi nilikuwa karibu na maiki. Inafuata aliye na sauti kubwa."

Alijaribu kuzitenganisha kwa masafa, yaani unene na wembamba wa sauti. Wapi! Sauti za watu wawili zinalaliana, huwezi kuchuja moja ukaacha nyingine. Mwishowe akatoa nakala ya sauti, akanyamazisha kila mahali alipoongea yeye, akapandisha ya mama, na taya ikafuata nakala hiyo pekee. Sauti ya kusikika akaiacha nzima.

"Na hiyo ahadi si uikate?" nikamwambia. Kwa sababu Jumamosi ile hakwenda, tulikuwa na kazi ya mteja, na Jumatatu mama akafariki. Nyumbani hakuna aliyejua kuhusu ahadi hiyo.

"Nikiikata, jibu lake halina maana."

Kwa hiyo kule kwao Yatta, kwenye hema la misa, watu wote walisikia. Kisilu aliahidi, na mama kwenye skrini alifunga mdomo, akimwangalia. Kisha taya ikashuka vizuri kabisa: "Sawa, mwanangu. Nitakungoja."

Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Kisilu alikuwa akikunja waya wa spika.

Ndanu akamwendea polepole. "Hiyo Jumamosi," akasema, "nilikuja na gari nimpeleke hospitali. Alikataa kutoka. Alisema ana mgeni."

Kisilu akaendelea kukunja waya. Ulipoisha mkononi akaukunjua, akaanza upya, na dadake akasimama hapo hapo akimngoja aseme kitu.