Kipaza Sauti Mnadani Sepuka

Nilifika mnadani Sepuka na kipaza sauti cha kikundi chetu cha elimu ya mpigakura. Hatuna chama. Kazi yetu ilikuwa kukumbusha: daftari la kudumu la wapigakura linaboreshwa, kesho ndiyo mwisho, na ni bure. Kila mtu aende kituo cha mahali anakoishi. Kwa hapa, kituo ni shuleni. Aliyetimiza miaka kumi na minane, au atakayetimiza ifikapo siku ya uchaguzi, aende. Aliyehama aende na kadi yake. Mwenye kadi nzima na hajahama asijiandikishe tena.

Mama mmoja muuza kuku akanikatisha. "Usitupigie kelele. Sisi tulishajiandikisha, tukamchagua na mwenyekiti wa kitongoji."

"Shikamoo mama. Kadi ulipewa?"

"Marahaba. Kadi gani?"

Nikamweleza kwamba ile ilikuwa orodha ya serikali za mitaa. Haitumiki kumchagua rais, mbunge wala diwani. Akaniangalia kama nimemuuzia kuku mgonjwa. Akaondoka bila kuaga, akaniachia matenga yake ya kuku.

Jua likiwa utosini alirudi na kadi mpya, picha yake imetoka vizuri na kilemba. Akaninyang'anya kipaza sauti, akatangaza kwa Kinyaturu: ile ya kitongoji ni nyingine na hii ni nyingine, utakayempigia kura ni siri yako, lakini kadi kaichukue leo.

Alipomaliza, upande wa kuku tulibaki kuku na mimi.