Usinidomani

Bashira anauza leso ufukweni Uroa. Watalii wa Kitaliana huzipapasa, wakatabasamu, wakasema "domani", yaani kesho, na kesho yenyewe haiji. Siku moja akawalalamikia wenziwe, "Leo wamenidomani!" Wakacheka. Wiki ileile wahudumu wa hoteli wakalidaka neno, konda mmoja akalishusha Darajani, na vijana wa mjini wakawa wanarushiana WhatsApp: "Oya, usinidomani, mwana!"

Shangazi yake, Bi Bahiya wa Kikwajuni, akamkanya. "Neno la mapapasi wa pwani hilo, wanaowaganda watalii. Ukilisema mbele ya wakwe utaniaibisha."

Ijumaa akaja Bi Tahiya, mama wa mchumba wa Bashira, kuiahirisha harusi mara ya tatu. "Mwanangu, tungoje mwezi wa Mfungo Sita."

"Mama, heshima yako," akasema Bashira, "lakini mnanidomani. Leo itajwe siku, au posa irudi."

"Lugha gani hiyo?"

"Yetu. Hata hiyo leso uliyojitanda, jina lake tulilichukua kwa Wareno. Na umenielewa."

Alimwelewa kweli, maana binti zake hulisema kutwa nzima nyumbani. Akataja Jumapili ya pili.

Mgeni alipotoka, Bi Bahiya akasonya. "Akitudomani tena, ntamfuata kwake!"