Mikia Thelathini na Moja

Wanafunzi walimwita Kachero, naye alijua, na moyoni jina hilo lilimpendeza. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyehesabu vipande vya chaki kabla ya kipindi na baada ya kipindi. Nyumbani alitia alama ya kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Mkewe alikuwa keshachoka kugomba. “Baba watoto,” alimwambia, “ukimaliza kutushuku sisi, utabaki na nani?”

Siku hiyo Kachero alikaa chumba cha walimu, mbele yake karatasi thelathini na mbili za jaribio. Swali la nne lilitaka mchoro wa y = (x + 1)/(x − 2)². Karatasi thelathini na moja zilikuwa na kosa moja lile lile. Kwenye ukuta wa x = 2, ule mstari wa wima ambao grafu haiugusi, mkia wa kulia ulipaa juu na wa kushoto ukatumbukia chini. Jibu lililotolewa kitabuni lilionyesha mikia yote miwili ikipaa.

Karatasi moja tu ilikuwa sahihi. Ya msichana wa dawati la nyuma, binti wa fundi cherehani.

Kachero akanusa. Thelathini na mmoja wamenakili, hilo halina mjadala. Na huyu mmoja? Huyu ameiba majibu, akawa mchoyo hata wa kuwagawia wenzake. Akaandika barua ya kumsimamisha masomo, akaipeleka kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. “Mtihani wa mwisho ni wiki tatu zijazo. Nikisaini hii, haufanyi. Umemuuliza lakini?”

“Mwizi haulizwi, anabanwa.”

“Basi mbane. Kabla ya saa nane niwe na jawabu.”

Binti akaitwa. Aliingia mikono nyuma, akasema shikamoo kwa sauti ya mtu aliyeletwa kituoni.

“Marahaba. Nani alikupa jibu la swali la nne?”

“Hakuna, mwalimu.”

“Wenzako wote wameshusha mkia wa kushoto. Wewe umeupandisha. Uliota?”

“Niliweka namba.”

“Namba gani? Ziweke hapa, nione.”

Akachukua chaki. Kachero akaitazama chaki, si binti. Ubaoni binti akaandika 1.9. Juu, kwenye kiasi, akapata 2.9. Chini, kwenye asili, −0.1, na ikizidishwa kwa yenyewe, 0.01. “Inatoka mia mbili na tisini, mwalimu. Chanya.” Akaandika 2.1. Juu 3.1, chini 0.01 tena. “Mia tatu na kumi. Chanya. Hii asili ina kipeo cha pili, haiwezi kuwa hasi upande wowote. Na kiasi pale karibu na mbili ni karibu tatu, hakibadili alama. Sasa mkia utashukaje?”

Kachero alitafuta ufa. Hakuuona. Kwa hiyo akahamia kwingine, kama kachero yeyote anayejiheshimu.

“Kwa nini basi wenzako wote walishusha?”

Binti akaangalia viatu vyake. “Waliambiwa.”

“Na nani?”

Akanyoosha kidole, si kwa mtu, ila kwa daftari la maandalizi ya masomo lililokuwa mezani. Kachero akalifungua. Mwandiko ulikuwa wake, wino mwekundu, umepigiwa mistari miwili: *Ukivuka ukuta, geuza mkia.* Chini yake mfano mmoja tu, 1/(x − 2). Kwa mfano huo kanuni ilikuwa kweli: 1.9 inatoa hasi kumi, 2.1 inatoa kumi. Hakukuwa na kipeo cha pili pale. Siku ile alikuwa na haraka. Chaki mbili zilikuwa zimepotea na alitaka kuzisaka.

“Na wewe kwa nini hukugeuza?”

“Siku hiyo sikuja shule. Nikaazima daftari la rafiki yangu, ukurasa ule ulikuwa umemwagikiwa chai. Nikaona bora nijaribu namba, huku na huku.”

Thelathini na mmoja hawakunakili, basi, ila walimsikiliza mwalimu wao kwa makini, jambo ambalo hakuwahi kulishuku hata siku moja.

Saa nane kasoro dakika tano aliichukua barua mezani kwa mwalimu mkuu, akaichana vipande vinne. Mwalimu mkuu akauliza mkosaji ni nani.

“Nimempata,” akasema Kachero. “Kesho anarudia somo mbele ya darasa zima. Mkia wa kushoto utapimwa kwa namba, na wa kulia kwa namba, na kanuni ile nitaifuta mwenyewe.”

Koridoni binti alikuwa angali anasubiri hukumu. Kachero akamwambia arudi darasani, alama zake ni kamili. Akapiga hatua tatu, akageuka.

“Ile siku hukuja, ulikuwa unaumwa nini hasa?”

“Jino, mwalimu. Liling’olewa.”

“Fungua mdomo.”

Akafungua. Kachero akainama, akachungulia, akaliona pengo, akaondoka zake ameridhika.