Maneno Sitini na Tano kwa Mchokozi

Mambo yote yale yalitugharimu vyondo kumi na vinane vya bluu, wiki tatu za usingizi mbaya, na maneno mia mbili sabini na moja. Maneno nimeyahesabu mara mbili. Mia mbili na sita yalikuwa hasara tupu. Sitini na tano ndiyo yaliyofanya kazi, na nitayaweka hapa yote, kwa kuwa nayaonea fahari kuliko vyeti vyangu vya shule, ambavyo ni viwili.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, mtandao ulipokuwa mgeni Nyeri. Nilikuwa na kibanda sokoni, nikiuza vyondo, yaani vikapu vya katani, vya kikundi cha akina mama kumi wa Ruring'u. Binamu yangu aliyekuwa ng'ambo alikuwa ameanzisha ubao wa mazungumzo kwenye mtandao, wa watu wa kwetu walio mbali. Huko walibishana siasa, wakatafutana, wakaulizana bei ya shamba. Akatutengea mada moja ya vyondo, na mimi akanipa neno la siri la msimamizi. Kwa neno hilo ningeweza kuficha ujumbe wowote: haufutiki, ila wasomaji hawauoni.

Kompyuta nilikuwa naiona kwa mama mmoja mwenye ofisi ya kupiga taipu. Yeye alikuwa na simu, na simu ilipigwa hadi Nairobi, kila dakika ikilipiwa. Kwa hivyo tulikuwa na utaratibu: anaunganisha, anachapisha kwenye karatasi kilichoandikwa ubaoni, anakata. Mimi naenda kibandani na karatasi yangu, naandika jibu kwa kalamu, narudi kesho yake analitaipu. Kati ya tusi na jibu kulikuwa na usiku mzima wa kulala. Ningejua thamani ya usiku huo mapema, nisingepoteza maneno mia mbili na sita.

Kikundi kilikuwa kinanunuliana matangi ya maji kwa zamu. Saba walikuwa wamepata. Walibaki watatu, na wa mwisho kabisa alikuwa mwenyekiti, aliyejiweka nyuma kwa hiari yake. Wakati huo maji alikuwa anayabeba mgongoni kutoka mtoni, na mgongo wenyewe haukuwa wa msichana. Halafu mama mmoja Mkenya mwenye duka ng'ambo akaandika kwenye ubao: anataka vyondo mia mbili, ataamua mwisho wa mwezi. Vyondo mia mbili vilikuwa matangi matatu. Nilipiga hesabu nikienda, nikaipiga tena nikirudi.

Siku mbili baadaye akaja mtu aliyejiita Mteja, akafungua mada yake mwenyewe.

"Hivi vyondo rangi inatoka," aliandika. "Nilinyeshewa nikiwa na kimoja cha bluu, shati langu jeupe likawa kama wino. Wezi."

Sasa, mimi nimekulia sokoni. Sokoni ukiitwa mwizi ukanyamaza, basi wewe ni mwizi. Unajibu palepale, tena kwa sauti, mpaka watu wacheke upande wako. Kwa hivyo nikajibu. Nikamwuliza shati jeupe alilitoa wapi mtu wa kutembea mvuani bila mwavuli. Akajibu. Nikajibu. Nikajibu mara sita.

Mama wa taipu, aliyekuwa akitaipu matusi yangu bila kukunja uso, siku hiyo akainua kichwa.

"Mama, naweza sema kitu?"

"Sema, bora isiwe ya kulipia."

"Huu ubao uko hivi: mada ikijibiwa, inapanda juu kabisa. Hii ya rangi kutoka ilikuwa inashuka. Kila ukijibu, unaipandisha. Huyo mtu anaandika mara moja, wewe unambebea wiki nzima."

Nilitazama karatasi. Kweli, juu kabisa palikuwa na neno "Wezi", na jina la mwisho kujibu lilikuwa langu. Sokoni kelele huisha watu wakienda nyumbani. Hapa kelele zilikuwa zinakaa, na mama wa duka angezisoma zote akinywa chai yake.

Nikarudi kibandani nikakaa na kalamu. Nikajiambia: watu wa namna hii unawajua. Kuna anayekwambia kiondo chako ni kibaya; huyo mshikishe kiondo. Kuna anayekwambia wewe ndiye mbaya. Huyo mwache apite, hana pesa. Na kuna anayemfuata mtu mpaka kwake. Huyo ni wa kumwitia askari. Nikasoma tena ujumbe wake wa kwanza. Neno "wezi" lilikuwa la namna ya pili. Lakini kabla yake alikuwa amesema rangi inatoka, na hilo lilikuwa la namna ya kwanza, na katika maneno mia mbili na sita nilikuwa sijaligusa hata mara moja.

Nikapanda Ruring'u kwa mwenyekiti.

"Ati rangi yetu inatoka?" alisema. "Nani amesema? Mwambie aje aseme hapa."

"Leta beseni, mwenyekiti."

"Beseni ya nini? Unaamini mtu hata hujui sura yake?"

"Siamini mtu. Ndiyo maana naitisha beseni."

Tukaloweka chekundu: maji yakabaki maji. Tukaloweka cha kahawia: hivyo hivyo. Tukaloweka cha bluu. Hatukungoja sana. Yale maji ungeweza kuyajaza kwenye kalamu.

Mwenyekiti akakaa chini kwenye kigoda. Kisha akasema polepole, "Hizo za bluu ni zangu. Katani nilipika vizuri, lakini ya kusuuza... Ilikuwa kiangazi. Wenye tangi wanasuuza mara tatu, nne, mpaka maji yatoke safi. Mimi nilikuwa na mtungi mmoja. Nilisuuza mara moja."

Nikahesabu vya bluu vilivyobaki. Kumi na vinane. Nikahesabu tena, kumi na vinane.

"Basi mfiche," alisema. "Si binamu yako alikupa hiyo nguvu? Ficha huyo mtu, tuuzie mama wa duka zingine, iishe."

"Nikimficha, mama wa duka atajua. Amesoma tayari. Kesho akikuta lalamiko halipo, atajiuliza ni mangapi mengine tumeficha."

"Na ukikubali, atakimbia."

"Huenda. Lakini akinunua kisha rangi imtokee dukani, atakimbia na wateja wake wote."

Tangi lililokuwa hatarini ni lake, wala si langu. Mwishowe akasema, "Andika. Lakini usiseme ni mimi."

Niliandika hivi, nikakata, nikaandika tena, nikayalalia:

"Asante kwa kutuambia. Tumejaribu na ni kweli: vyondo vya bluu vya mwezi uliopita vinatoa rangi. Havikusuuzwa vya kutosha. Vingine vyote havitoi. Kama unacho bado, tutakubadilishia. Tuandikie ulikinunua wapi."

Maneno ishirini na manane, na hakuna hata moja la kumjibu "wezi". Hilo nilimwachia akae nalo.

Mtu akikubaliwa lalamiko lake, kama shida yake ilikuwa kiondo, ataleta kiondo. Huyu hakuleta. Aliandika, "Wamama wa Nyeri wanajua kupiga mabwana tu, kusuka hawajui." Ni utani wa zamani juu yetu; mama wa taipu alicheka kabla hajajizuia. Mimi nilikuwa na jibu tayari, zuri sana, kuhusu mabwana wanaostahili. Hata leo nikilikumbuka linaniwasha mdomoni. Sikulituma. Hakukuwa na kiondo ndani ya tusi lile, wala mteja ambaye angeacha kununua kwa sababu yake.

Shida ikawa watetezi wetu. Watatu walimrukia, kila mmoja akimpandisha juu kama nilivyofanya mimi. Sikuwaandikia kwenye ubao, maana hata kusema "msijibu" pale ni kujibu. Nilimtumia kila mmoja barua pepe yake, maneno yaleyale kumi:

"Asante kwa kututetea. Tafadhali usimjibu tena. Kila jibu linampandisha juu."

Wakaacha. Siku nne mada ikashuka, ikapitwa na watu wanaouliza bei ya mchele wa Mwea. Nilifurahi kama mtu aliyeuza kiondo kilichotoboka.

Siku ya tano mama wa taipu alinitumia ujumbe sokoni: njoo sasa. Mteja alikuwa ameandika nyumbani kwa mwenyekiti ni wapi, ukipita uwanja wa Ruring'u unakata wapi, na kwamba bwana yake anafanya kazi mbali. "Anayetaka kurudishiwa pesa aende jioni," alimalizia.

Hapo sikuhitaji usiku wa kulala. Nilimwambia mama wa taipu achapishe nakala mbili kwanza, moja yetu na moja ya chifu. Kisha tukaingiza neno la siri, tukauficha ujumbe ule mmoja tu. Malalamiko ya rangi tuliyaacha, na tusi la mabwana pia. Mahali pake tukaandika:

"Ujumbe mmoja umefichwa kwa kuwa ulitaja nyumbani kwa mtu. Malalamiko juu ya vyondo hayafichwi; yako hapo, someni."

Kumi na saba. Na kwa Mteja mwenyewe, kwa barua pepe, kumi ya mwisho:

"Ukitaja boma la mtu tena, hutaandika hapa. Ukitaja vyondo, karibu."

Akanyamaza. Mwenyekiti alilala kwa dada yake siku tatu, chifu akapita mara mbili, na hakuna mgeni aliyeonekana. Kisha mwisho wa mwezi ukafika, na karatasi moja ikatoka kwenye mashine, fupi. Mama wa duka alisema alikuwa amesoma yote tangu yale majibu yangu sita, na kwamba baada ya yale sita alikuwa karibu kwenda kwingine. Jibu la rangi ndilo lililomrudisha. Hakutaka mia mbili tena. Alitaka mia mbili na hamsini, na vya bluu viwemo, mradi kila kimoja kiloweshwe mbele yangu kabla ya kufungwa.

Mama wa taipu aliisoma kwa sauti. Nikamwomba aisome tena.

Tangi la mwenyekiti lilifika la mwisho, kwenye mkokoteni, likiwa limefungwa kwa kamba za katani yake mwenyewe. Aliligonga kwa ngumi, akasikiliza mlio, akaligonga tena. "Sasa nitasuuza mpaka wanikataze," alisema. Vile kumi na vinane havikuuzwa. Akina mama walivigawana kwa kubebea viazi.

Miezi kadhaa baadaye, bila salamu, Mteja aliandika mstari mmoja: "Bado mnabadilisha?" Nilimjibu ndiyo, alete cha zamani. Akasema atapita. Nikamtengea cha bluu kipya, nikakitundika msumarini kibandani, na hakupita. Kiondo kile hadi leo ninacho. Mwenyekiti, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu tisa, kila Krismasi ananiambia, "Uza hiyo kitu. Mtu alitaka kuniletea wezi kwa nyumba, wewe unamwekea zawadi?" Mimi namwonyesha lile jibu la maneno ishirini na manane. Nimelisoma mara mbili, na halikusema abadilishiwe tu akiwa mtu mwema.

Lakini mwenyekiti naye ana haki yake, na msumari umeshika kutu. Nyinyi mnaosoma mngefanya nini: nikiuze, au kiendelee kumngoja?