Kumpa Mtu Pole kwa Kiingereza

Jirani yangu hapa Mabanga, mtaa wa Goma, ni mama wa Butembo anayeuza kabichi na vitunguu vinavyoshuka kutoka Kibumba. Kiingereza hakijui, lakini dada yake wa moyoni ni Mwingereza. Ni mkunga aliyekuja kufanya kazi katika hospitali moja ya mjini, akapanga chumba katika kiwanja chetu. Mama huyu jirani alimfundisha kupika sombe, yaani kisamvu, naye alikuwa pembeni ya Mama siku kitinda mimba wake alipokawia kutoka. Walizungumza kwa Kiswahili cha kuokoteza, mikono ikimalizia yale ambayo mdomo haukuyaweza. Mkunga aliporudi kwao, Kiswahili chake kikafifia, na tangu hapo maneno yao yanapita kwangu, kwa kuwa kutafsiri ndiyo kazi yangu.

Siku moja mkunga aliniandikia maneno machache tu: baba yake amefariki, tafadhali mwambie dada yangu. Nilimkuta Mama anaosha mabeseni yake nje. Nilipomwambia, aliliacha beseni likielea kwenye maji ya sabuni, akaketi juu ya jiwe la lava lililo mlangoni.

Kesho yake hakwenda sokoni. Nikipita kwenda kazini niliona kandambili nyingi mlangoni pake na nikasikia wanawake wakisali. Nilidhani ni shirika lao la kanisa. Siku iliyofuata, mchana, alikuja kwangu amevaa kitenge cha kutokea, akaketi.

"Mama mutafsiri," akasema, maana ndivyo anavyoniita tukiwa na kazi, "nimekuja tumupe pole."

Nilitaka arekodi sauti yake. Akakataa, akisema dada yake atasikia mlio tu. Basi alisema, nami nikaandika kama alivyotamka:

"Dada yangu, pole sana kwa musiba. Nimesikia habari, mwili ukaniisha nguvu. Mungu alimupenda muzee kuliko sisi. Jikaze, usilie sana, mama ni nguzo ya nyumba. Tuko pamoja. Nimekukalia kilio hapa kwangu. Nilitandika mukeka, majirani wakakuja, tukasali rozari, tukakunywa chai. Muzee alale salama. Salimia batoto."

Nilimwomba aniachie hadi jioni. Kwanza nilifanya ninavyofanya siku zote: niliandika neno kwa neno, ili nione ninachobeba. Matokeo yake yalisikitisha. Kwa Kiingereza hicho Mama alisema mwili wake umemaliza nguvu, kama betri. Alimwita marehemu "the old man", maneno ambayo Mwingereza akiyasikia kwa mgeni anaweza kuona baba yake amedharauliwa, wakati kwetu muzee ni heshima. "Mungu alimpenda kuliko sisi" iligeuka kuwa lawama, kana kwamba nyumbani kwake hakupendwa vya kutosha. Na "usilie sana" ilikuwa amri tupu ya mtu asiye na huruma.

Nilianza kazi hii chini ya papa mmoja, yaani mzee wa heshima, aliyekuwa akisahihisha tafsiri ofisini kwetu. Kila alipokutana na "we are together", yaani ile "tuko pamoja" yetu, katika karatasi zangu aliikata. Alikuwa akiniuliza: Mwingereza akiwa katika hali hii hii, akiwa na moyo huu huu, angefungua mdomo na kusema nini? Andika hicho. Nikafanya hivyo. Pole ikawa "I am so sorry about your father". Mwili ulioisha nguvu ukawa "my legs went from under me", maana Waingereza husema miguu imewakimbia. Muzee akawa "your father". Usilie sana nikaigeuza kuwa ajitunze, kwa sababu watoto watamwegemea. Salamu kwa watoto ikawa "give my love to the children". Na pale pa mkeka, rozari na chai, nikaandika kwamba sote huku tunamfikiria: "we are all thinking of you". Ndivyo wanavyoandikiana kwenye msiba. Nilisoma kwa sauti, nikaridhika. Hakuna ambaye angejua kwamba maneno yale yalizaliwa katika Kiswahili.

Mama alirudi jua likiwa bado juu ya ziwa. Nilimsomea Kiingereza, akasikiliza kwa kuinamisha kichwa kama anasikiliza Injili.

"Sori," akasema. "Hiyo sori ninaijua. Si ni pardon? Mimi nilimuua baba yake?"

"Hapana, Mama. Neno moja linafanya kazi mbili. Ukimkanyaga mtu unasema sorry, na mtu akifiwa unasema sorry. Pole yetu hawana. Lakini hiyo sorry, kwenye msiba wanaielewa vizuri."

Alifikiri. "Sawa. Kama wanaelewa. Na Mungu umemuweka wapi?"

Nilikuwa nimeandika kwamba yeye Mama anaamini muzee sasa yuko kwa Mungu. Nilimweleza sababu: dada yake kanisani alikuwa akija kwa ajili ya nyimbo tu, hivyo nilitaka neno hilo liwe la Mama, lisimlazimishe.

"Lakini haiko kwamba ninaamini," akasema. "Iko hivyo."

Nilifuta "I believe". Ikabaki "God has him now", yaani sasa Mungu anaye, maneno mafupi yasiyobishana na mtu. Nikaona yanafanana naye zaidi. Kuhusu kulia nilimwambia wazi kwamba nimeondoa katazo, kwa sababu kwa Kiingereza katazo halifuti machozi bali linamfanya mtu aone aibu ya machozi yake. Akasema kwamba kwetu pia halifuti, watu husema tu. Tukaelewana.

Kisha akaniuliza, "Na mukeka uko wapi?"

Nilimwambia nilivyoandika, kwamba tunamfikiria.

"Kufikiri?" Hakupandisha sauti. "Mimi sikufikiri, mama. Mimi nilikaa. Niliacha soko, nikatoa viti inje, nikatandika. Mama wa kona alileta sukari. Tulikaa tangu asubuhi. Unaandika nilifikiri?"

Nilijitetea. Nilimwambia Waingereza hawakai kilio, kwao watu wanakwenda maziko, wanakunywa chai mahali pamoja, halafu kila mtu anarudi kwake. Hawana neno la kukaa. Nikiandika nimekukalia kilio, kwa Kiingereza haisemi kitu. Lipo neno "vigil", yaani mkesha, lakini hilo linaleta picha ya mishumaa na umati barabarani.

"Kama hawana neno," akasema, "si umuelezee?"

Hapo ndipo nikatambua kwamba zile kandambili mlangoni zilikuwa za kilio cha mzee wa Uingereza ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Nilipita pale nikaenda kazini. Swali la yule papa nilikuwa nimelijibu nusu. Niliuliza Mwingereza angesema nini akiwa katika hali hii, lakini Mwingereza hajawahi kuwa katika hali hii. Hakuna aliyetandika mkeka kwa ajili ya baba wa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Maneno ya kuazima kutoka kwao yalifaa kwa pole, kwa miguu na kwa salamu, kwa sababu mambo hayo wanayo. Kwa mkeka hayakufaa.

Kumwandikia "mat" na "rosary" neno kwa neno bila maelezo kungemwacha gizani vilevile. Ilibidi nitafute namna ambayo mwanamke wa Uingereza, kama angekuwa amefanya alichofanya Mama, angemsimulia rafiki yake bila madoido. Niliketi tena kwenye kompyuta, Mama akiwa kando. Niliandika, nikasoma, nikafuta. Mwishowe sehemu ile ilikuwa hivi:

"When someone dies here, the neighbours come and sit with the family. You are too far away for me to come to you, so I put a mat down in my own house, and the neighbours came and sat with me. We prayed for him and drank tea."

Nikamrudishia kwa Kiswahili, taratibu: Huku kwetu mtu akifa, majirani huja kukaa na wafiwa. Wewe uko mbali, siwezi kufika, kwa hiyo nilitandika mkeka nyumbani kwangu, na majirani wakaja kukaa nami. Tulimwombea, tukanywa chai.

Kilichoniridhisha ni kwamba hapakuwa na neno geni hata moja. Rozari ilikuwa imejificha ndani ya kuomba, na Mama alikubali. Lakini sentensi ya kwanza, "Huku kwetu mtu akifa", Mama hakuwa ameisema. Kwake haikuhitaji kusemwa. Niliiongeza mimi, na tangu siku hiyo nimekoma kuogopa kuongeza sentensi pale ambapo msomaji hana ardhi ya kukanyaga.

"Sasa nimefika," Mama akasema, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye ujumbe. Nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, refu, nikaenda kumsomea Mama sokoni. Alikuwa akipanga kabichi. Mkunga aliandika kwamba amepokea kadi nyingi zenye maneno mazuri, karibu zote zikisema "thinking of you", na kwamba baada ya maziko nyumba ilikuwa kimya. Alitaka kujua nani waliokuja kukaa, na walisema nini kuhusu baba yake. Aliandika pia kwamba ujumbe wa Mama alimsomea mama yake mzazi, naye akaomba asomewe tena.

Mama aliweka kabichi chini. "Mama yake anaishi?"

"Ndiyo, anaishi."

"Na sisi tumemupa mutoto pole, tumemuruka mujane?"

Aliumia kweli. Aliomba jirani wa meza ya pili amwangalizie bidhaa, tukasogea kando ya ukuta. Alianza, "Mama yetu," akasubiri niandike. Kwa Kiingereza huwezi kumwita mama mtu ambaye hujawahi kuonana naye, atageuka nyuma kuona anayeitwa ni nani. Nilimweleza hilo, akaniuliza basi huko mtu anaingiaje katika nyumba ya mjane.

"Anasema kwanza yeye ni nani," nikamwambia.

"Iko sawa. Hata hapa unabisha hodi."

Nikaandika kwa Kiingereza, nikimwambia kila neno: Mimi ni rafiki wa binti yako, niko Goma. Ananiita dada, na kwa desturi yetu hilo linakufanya wewe kuwa mama yangu. Mama alitikisa kichwa kukubali, akafuta mikono kwenye kitenge, akaendelea kusema.