Mtu Mmoja wa Kutimiza Akidi

Ilani ya mkutano mkuu wa mwaka ilibandikwa kwenye ukuta wa kituo cha kuuzia majani chai, chini ya bati, mahali ambapo kila mwanachama angepita na kikapu chake. Nilimsomea mama nilipofika nyumbani. Wakati huo alikuwa na miezi kadhaa tangu apate kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka mojamoja, yamevunjika.

Mama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha maji tangu kilipoanza. Yeye na wanawake wenzake walibeba mabomba kutoka barabarani hadi kwenye chemchemi, juu ya mashamba ya chai, wakati akina baba wakicheka kwamba maji hayapandi mlima.

Nilimsomea ajenda zote: maombi, kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, ripoti ya mwenyekiti, hesabu zilizokaguliwa, uchaguzi wa viongozi, marekebisho ya katiba, mengineyo. Akidi, ambayo sisi tumezoea kuiita koram, ni theluthi moja ya wanachama wote, wakiwa wamehudhuria wenyewe. Mwanachama asiyeweza kufika anaweza kumteua mwanachama mwingine ampigie kura, ila fomu ya proksi imfikie katibu siku mbili kabla, na anayewakilishwa hahesabiwi kwenye akidi. Akidi isipotimia kwa saa moja, mkutano unaahirishwa hadi siku kama hiyo wiki inayofuata, na hapo watakaofika watatosha hata wakiwa wachache.

Mama alitaka kugombea tena. Nilimpendekeza mimi. Aliyemuunga mkono ni rafiki yake wa miaka yote, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke aliyebeba naye yale mabomba. Huyo huyo ndiye ambaye mama alimteua awe proksi yake. Aliweka kidole gumba cha kushoto kwenye fomu zote mbili, ya kugombea na ya proksi, mbele ya katibu, mwalimu mstaafu, ambaye alizipokea vizuri kabisa akasema, "Mama, wewe pumzika. Huku kila kitu kiko sawa."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na watu wa upande wa Chepseon hawakuja. Katibu alihesabu, akarudia, akahesabu mara ya tatu huku akigusa migongo ya viti. Alipungukiwa na mtu mmoja.

Naibu mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa akishindana na mama, alikuwa ameshachinja mbuzi. Afisa wa maendeleo ya jamii aliyekuja kusimamia uchaguzi alisema wiki ijayo hana nafasi. Saa ilikuwa karibu kwisha. Nikamwona naibu akiinama kwenye sikio la dereva wa pikap yake.

"Mnaenda wapi?" nikauliza.

"Kumleta mwenyekiti wetu," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Tutafanyaje mkutano bila yeye?"

Watu wakapiga makofi. Nilikimbia nikapanda pikap.

Mama alikuwa ameketi jikoni. Dereva alipomwambia anahitajika mkutanoni, uso wake, ule upande uliobaki mzima, uling'aa. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, sikiliza. Ukienda, ile proksi inakufa. Ukiwepo mwenyewe hakuna wa kukusemea wala kukupigia kura. Na wanakutaka wajaze idadi tu. Usipoenda, mkutano unaahirishwa."

"Wa-na-ni-ta-ka," akasema.

"Wanataka kiti kimoja kijae, Mama."

Alinyoosha kidole kuelekea nguo yake ya kanisani. Nilimvisha. Dereva alipiga honi mara mbili.

Alipoingizwa ukumbini, mimi huku na dereva kule, watu walisimama. Naibu mwenyewe alimvutia kiti cha mbele kabisa. Kabla mama hajamaliza kuketi, katibu akatangaza, "Akidi imetimia. Mkutano umefunguliwa rasmi." Kisha akageukia rafiki wa mama. "Na proksi uliyokuwa nayo, kwa kuwa mwenyewe amefika, haina kazi tena."

Rafiki akaitikia kwa kichwa.

Ripoti zilisomwa harakaharaka. Kwenye uchaguzi, viongozi wote walijiuzulu na afisa akashika kiti. Alisema kila mgombea atapewa dakika tatu za kujieleza. Naibu alieleza kuhusu tangi jipya na pampu ya sola. Alisema anamheshimu sana mama yetu, lakini chama kinahitaji mtu anayeweza kuongea na kaunti.

"Mgombea wa pili," akasema afisa.

Nilimsimamisha mama. Nikasema nimsaidie kuzungumza, na afisa, ambaye alikuwa mtu wa sheria zake, akasema mgombea anajieleza mwenyewe. Mama akafungua mdomo.

"Ma-ma-ma..." Nadhani alitaka kusema maji.

Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kipsigis kwamba anamwita mamake. Kicheko kilianza pale nyuma kikaja mbele benchi kwa benchi. Mama aliendelea kujaribu. Afisa alitazama saa yake na kumwachia dakika zake zote tatu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa ni haki yake.

Kura zilikuwa za siri. Mama alipata kura ambazo ningeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kimoja kingebaki.

Hapo ndipo alipojikojolea. Niliona nguo ikibadilika rangi, nikasimama nimtoe.

"Dada, subiri kidogo," katibu akanong'ona akija upande wetu. "Bado marekebisho ya katiba. Akitoka, akidi inavunjika."

"Mwalimu, amelowa."

"Naona. Ni kipengele kimoja tu."

Ningembeba nitoke naye. Lakini mama alinishika mkono kwa ule wake mzima, akanivuta nikae. Alikuwa ameongoza mikutano hiyo miaka mingi na hakuwahi kuvunja hata mmoja. Akaketi katika maji yake mpaka kipengele kikasomwa: kuanzia sasa, kiongozi lazima aweze kuzungumza na kutia sahihi mwenyewe. Wanaounga mkono? Mikono ikapanda. Wanaopinga? Mimi nikainua wangu, na mama akainua wa kushoto, chini chini, hadi kifuani. Katibu aliandika kwamba mmoja anapinga.

Nje, pikap ilikuwa imekwenda kumpeleka afisa. Rafiki wa mama alikuwa amesimama kwenye kibaraza akingoja nyama. Nikamwuliza kama alimpigia mama kura.

Hakukasirika. "Kama ningekuwa bado na ile karatasi yake, ningempigia nayo," akasema. "Hiyo ilikuwa yake. Kura yangu ni yangu."

"Si wewe uliyemuunga mkono?"

"Aliniomba. Ningemkatalia vipi mgonjwa?"

Tulitembea hadi nyumbani kwenye njia ya katikati ya chai, mama akiniegemea, viatu vya kanisani vikijaa matope.

Kesho yake jioni rafiki alikuja kama kawaida yake. Aliketi pembeni ya kitanda, akasema mvua imezidi. Mama aligeukia ukutani. Nilimmiminia mgeni chai kwa sababu sikujua mtu hufanya nini kingine mgeni akishaketi. Alikunywa taratibu, akizungumzia bei ya majani na ng'ombe wake aliyekaribia kuzaa, akamaliza, akanisogezea kikombe nimjazie tena.